Barua kwa Mkuu wa Shule: printa ipi tununue, na kwa hesabu gani

Kwa Mkuu wa Shule,

YAH: PENDEKEZO LA KUNUNUA PRINTA YA SHULE

Husika na kichwa cha habari hapo juu. Napendekeza tununue printa moja ya leza ya rangi nyeusi pekee, ya daraja la ofisi, yenye uwezo wa kuchapa pande zote mbili. Nimelinganisha aina nne na kuzipanga kuanzia inayotufaa zaidi. Bei utaziona kwenye nukuu za wauzaji. Hapa naeleza hesabu ya kuzisomea nukuu hizo, kwa sababu bei ya mashine ni sehemu ndogo ya gharama.

Tuanze na mzigo wenyewe. Tuna vidato vinne, kila kimoja kina wanafunzi 80, jumla 320. Mtihani wa muhula una masomo 9, na kila karatasi ya maswali ina kurasa 4. Hizo ni kurasa 11,520. Tukiongeza ukurasa mmoja wa maelekezo ya maabara kwa kila mwanafunzi kwa wiki, kwa wiki 12, tunapata kurasa 3,840 nyingine. Muhula mzima ni kurasa 15,360. Mitihani ikichapwa pande mbili, karatasi zinazotumika ni 9,600, yaani rimu 20 kwa makadirio ya juu kidogo. Tukichapa upande mmoja tu tutahitaji rimu 31. Kwa hiyo uwezo wa kuchapa pande mbili si anasa. Unaokoa rimu 11 kila muhula.

Ya kwanza: leza nyeusi ya ofisi

Tutafute inayotoa kurasa 40 kwa dakika na inayokubali katriji kubwa ya tona, yaani wino wa unga, ya kurasa 8,000 hivi. Kwa mzigo wetu hizo ni katriji 2 kwa muhula, lakini nashauri bajeti iwe ya 3. Sababu ni hii: idadi ya kurasa inayoandikwa kwenye boksi hupimwa kwa kurasa ambazo tona inafunika asilimia 5 tu ya karatasi, sawa na barua ya kawaida. Mtihani wa biolojia wenye picha ya hadubini, au wa fizikia wenye michoro iliyojazwa kijivu, hufika asilimia 10 kwa urahisi, na hapo katriji ya kurasa 8,000 inatoa 4,000. Walimu tukitumia michoro ya mistari badala ya picha zenye vivuli, tona inadumu, na mchoro wenyewe unasomeka vizuri zaidi.

Katriji inayokuja ndani ya mashine mpya mara nyingi huwa ya kuanzia, haijajazwa kama ile ya dukani. Nukuu itaje inatoa kurasa ngapi, na iongezwe katriji moja kamili. Baadhi ya mashine zina dramu, yaani silinda inayopeleka tona kwenye karatasi, inayouzwa peke yake, nyingine dramu imo ndani ya katriji. Ikiwa iko peke yake, bei yake iingie kwenye hesabu:

bei ya tona ÷ kurasa zake + bei ya dramu ÷ kurasa zake = gharama ya ukurasa mmoja, bila karatasi

Wauzaji hupenda kutaja kiwango cha juu cha kurasa kwa mwezi. Hicho ni kikomo cha mashine, si mzigo wa kuipa kila mwezi. Tuulize kiwango kinachopendekezwa. Sisi tuna wastani wa kurasa 5,000 kwa mwezi, lakini mwezi wa mtihani unafika 12,800. Mashine iwe imependekezwa kwa 5,000 au zaidi, nasi tuanze kuchapa wiki mbili kabla ya mtihani badala ya siku mbili. Leza ndogo za nyumbani, zenye katriji ya kurasa 1,500, zitatulazimu kununua katriji 11 kwa muhula, na roli za kuvuta karatasi zitachakaa mapema. Dalili ya roli zilizochoka ni karatasi kukataa kuingia, au kuingia mbili kwa pamoja.

Tatizo la leza ni umeme. Inapopasha moto sehemu inayoyeyushia tona, huvuta wati zinazokaribia 1,000 kwa muda mfupi. Isichomekwe kwenye kifaa kidogo cha akiba ya umeme cha kompyuta, maana kitazidiwa na kuzima.

Ya pili: printa ya tangi la wino

Kwa bei ya ukurasa peke yake, hii inaweza kuishinda leza. Chupa ya wino mweusi hutoa kurasa 6,000 hivi, kwa hiyo 3 zinatosha muhula, na umeme wake ni mdogo sana. Inachapa pia rangi, jambo ambalo mwalimu wa sayansi hawezi kulidharau.

Kinachoiangusha ni muda. Nyingi za bei nafuu huchapa pande mbili kwa kasi ya kurasa 6 hivi kwa dakika, kwa sababu husubiri wino ukauke kabla ya kugeuza karatasi. Kurasa 11,520 ni saa 32 za mashine kufanya kazi bila kupumzika. Leza niliyoitaja, hata ikishuka hadi kurasa 18 kwa dakika kwa pande mbili, inamaliza kwa saa 11.

La pili ni likizo. Ikikaa wiki kadhaa bila kazi, wino hukauka kwenye matundu ya kichwa cha kuchapia. Ukichapa ukurasa wa majaribio utaona mistari iliyokatika. Kusafisha kichwa hurekebisha, ila kila usafishaji hunyonya wino na kuumwaga kwenye sponji la ndani, na sponji likijaa mashine hugoma mpaka libadilishwe. Tukiichagua, mtu achape ukurasa mmoja wenye rangi zote kila wiki ya likizo.

Ya tatu: mashine ya kudurufu

Hii hutengeneza stensili moja kwa kila ukurasa wa asili, kisha hutoa nakala kwa kasi kubwa. Mitihani yetu ina kurasa za asili 144, kila moja nakala 80, na hapo ndipo inapong'ara. Lakini stensili ina gharama ileile uchape nakala 5 au 500, na bei ya mashine ni kubwa. Tukifika wanafunzi 160 kwa kidato, naiweka ya kwanza.

Ya mwisho: printa ya wino wa katriji

Ndiyo ya bei rahisi kuliko zote dukani. Kwa katriji ya kurasa 200, tungehitaji 77 kwa muhula. Hata ikitolewa bure tusiipokee kwa kazi ya mitihani.

Kuhusu kurudisha fedha: tuchukue mfano kwamba ukurasa wetu, karatasi ikiwemo, utagharimu theluthi moja ya tunachotozwa tukichapisha nje ya shule. Kama bei ya mashine ni sawa na gharama ya kurasa 20,000 za nje, itakuwa imejilipa tukifikisha kurasa 30,000, yaani mwisho wa muhula wa pili. Nukuu zikionyesha ukurasa wetu unagharimu nusu, itakuwa kurasa 40,000, ndani ya muhula wa tatu.

Naomba idhini ya kukusanya nukuu tatu, kila moja ikionyesha bei ya mashine, katriji kamili na kurasa zake, dramu, muda wa dhamana, na kama vipuri na fundi vinapatikana karibu. Naomba pia rimu ziwekwe juu ya rafu, zikiwa zimefungwa. Karatasi iliyovuta unyevu hujikunja ikipita kwenye joto na kukwama katikati ya mashine.

Wako,
Mwalimu wa Sayansi