PivotTable na masharti yake: uzoefu wangu na hesabu za duka la viungo Marikiti

Naweka hesabu za duka la jumla la viungo pale Marikiti, Mombasa, na ripoti zote za duka nazitoa kwa PivotTable ya Excel. Naipa nyota nne kati ya tano. Inajumlisha mauzo ya mwaka mzima kwa kuburuta majina matatu tu, na anayelalamika kwamba imemshinda, mara nyingi tatizo liko kwenye jedwali analoilisha. Nyota moja naiondoa kwa sababu ya ujumbe wake wa kosa. Inakwambia "The PivotTable field name is not valid", kisha inakuachia utafute mwenyewe ni kichwa kipi, katika safu ipi.

Masharti yenyewe ni matatu: kichwa kiwe mstari mmoja, pasiwe na seli zilizounganishwa, na kila mstari ubebe jambo moja. Mawili ya kwanza ni kazi ya mkono tu. La tatu ndilo la kutumia akili, na ndilo nitakalokaa nalo zaidi.

Jedwali la zamani la duka lilikuwa la kupendeza macho. Mstari wa kwanza jina la duka, limetandazwa juu ya ukurasa wote. Mstari wa pili miezi, na kila mwezi umeunganishwa juu ya safu tatu. Mstari wa tatu ni maeneo tunayopeleka mzigo, yaani Likoni, Nyali na Mtwapa, yakijirudia chini ya kila mwezi. Upande wa kushoto, safu A ina makundi, "Vizima" na "Vya kusaga", kila kundi limeunganishwa kushuka chini, na safu B ina bidhaa. Chini ya kila kundi kuna mstari wa Jumla. Anayelifungua anaelewa papo hapo. Excel haielewi.

Unapounganisha seli tatu, neno "Machi" linabaki katika seli ya kwanza peke yake. Zile mbili nyingine ni tupu, hata kama kwa macho zinaonekana zimefunikwa na Machi. Ukichagua mstari wa miezi uwe kichwa, PivotTable inakuta safu mbili kati ya kila tatu hazina jina, na hapo ndipo ule ujumbe unapotokea. Ukishuka mstari mmoja uchague maeneo, itakubali, lakini utapata Likoni, Likoni2, Likoni3, mpaka Likoni12. Mwezi umepotea, na ukitaka Likoni ya mwaka mzima itabidi uburute majina kumi na mawili. Seli zilizounganishwa kushuka chini nazo zina hila yake: chuja "Vizima" na utaona bidhaa ya kwanza pekee, kwa sababu zilizo chini yake, kwa Excel, hazina kundi.

Kulinyoosha jedwali kama hilo si kuandika upya. Kwanza futa mistari yote ya Jumla. Halafu chagua jedwali lote ubonyeze Unmerge Cells. Sasa mapengo yanaonekana wazi. Kwenye mstari wa miezi, chagua kuanzia C2 mpaka mwisho, nenda Go To Special, chagua Blanks, andika fomula hii kisha bonyeza Ctrl+Enter, si Enter peke yake:

```
=C2
```

Kila seli tupu inachukua neno la jirani yake wa kushoto. Safu A unaifanyia vilevile, ila fomula inaelekeza kwenye seli ya juu. Baada ya hapo ongeza mstari wa nne unaoshikanisha mwezi na eneo:

```
=C2&"|"&C3
```

Nakili vyote, bandika kama thamani kwa Paste Values, andika Kundi na Bidhaa katika A4 na B4, kisha futa mistari mitatu ya juu. Sasa una kichwa kimoja: Kundi, Bidhaa, Januari|Likoni, Januari|Nyali, na kuendelea.

Bado ni jedwali pana, safu 36 za namba. Hapa ndipo Power Query inaponipendeza kuliko PivotTable yenyewe. Ni zana ya kusafisha na kugeuza umbo la majedwali, na iko ndani ya Excel tangu toleo la 2016. Bonyeza Data, From Table/Range, teua safu za Kundi na Bidhaa, kisha Unpivot Other Columns. Safu zote 36 zinageuka mistari: upande mmoja jina la safu, upande wa pili namba. Split Column kwa ile alama ya | inatenganisha mwezi na eneo, kazi imekwisha. Seli zilizokuwa tupu hazitoki kama mistari, kwa hiyo usishtuke ukiona mistari michache kuliko ulivyotarajia.

Kabla ya kuamini matokeo, linganisha jumla kuu ya zamani na mpya. Ikitoka mara mbili kamili, mistari ya Jumla ya makundi imebaki ndani. Ikitoka mara tatu, hata ile jumla kuu ya mwisho imo.

Mwenye duka, ambaye sote tunamwita Ami, alipoliona jedwali jipya kwa mara ya kwanza alivua miwani. "Sasa hichi kitu kirefu kama reli ya Nairobi nitakisoma vipi, mwanangu?" Nikamwambia, "Ami, hicho si chako. Hicho ni cha mashine. Chako kinatoka kesho, ukurasa mmoja."

Sasa tuje kwenye jambo moja kwa kila mstari. Chukua mauzo haya, bei nimezigeuza kidogo maana biashara ni ya mtu. Tarehe 4 Machi 2025, hati namba 118, mteja wa Nyali kachukua jira kilo 5, iliki kilo 2 na pilipili manga kilo 3, na tuktuk ya kumpelekea ni shilingi 300. Hati ni moja, mteja ni mmoja, safari ni moja. Wengi hapa huandika mstari mmoja, na safu za Bidhaa1, Bidhaa2, Bidhaa3. Mteja akija na vitu vinne, safu zimekwisha. Na ukitaka kujua iliki imeuzwa kilo ngapi, itabidi uitafute katika safu tatu, kwa sababu leo iko ya pili na kesho itakuwa ya kwanza.

Kwa hiyo bidhaa moja ndani ya hati moja, mstari wake. Tarehe, hati na eneo vinarudiwa kila mstari. Kurudia huku kunawaudhi watu nadhifu, lakini ndiko kunakoufanya kila mstari ujitegemee: ukiupanga upya au ukiuchuja, haupotezi habari zake.

Hapo tuktuk inaleta shida. Ukifungua safu ya Usafiri na kuandika 300 katika mistari yote mitatu, PivotTable itakwambia umelipa 900. Ukiiandika katika mstari wa kwanza pekee, jumla itakuwa sawa, lakini jira itaonekana ndiyo inayokula gharama na iliki inasafiri bure. Usafiri si sifa ya jira wala ya iliki, ni jambo lake lenyewe, kwa hiyo naupa mstari wake:

```
Tarehe      Hati  Eneo   Bidhaa          Kilo  Thamani
2025-03-04  118   Nyali  Jira            5     3000
2025-03-04  118   Nyali  Iliki           2     7000
2025-03-04  118   Nyali  Pilipili manga  3     3300
2025-03-04  118   Nyali  Usafiri         0     300
```

Jumla ni 13,600, na kila shilingi imehesabiwa mara moja. Kilo ya usafiri ni 0 ili uzito usiharibike. Ila ukitafuta bei ya wastani kwa kilo, uchuje Usafiri utoke kwanza, la sivyo wastani utapanda bila sababu.

Deni nalo lilikuwa likiwekwa rangi ya njano. Rangi ni ya macho, fomula za kawaida haziisomi. Na hata ukiweka safu ya "Amelipa?" haitoshi, kwa sababu huyo mteja alilipa 8,000 kwanza na zilizobaki akaahidi wiki ijayo. Malipo yana tarehe yake na kiasi chake, hayalingani na bidhaa moja moja, kwa hiyo yanakaa katika jedwali la pili lenye Tarehe, Hati na Kiasi. Majedwali yakiitwa Mauzo na Malipo, na namba ya hati ikiwa A2, deni lake ni:

```
=SUMIFS(Mauzo[Thamani],Mauzo[Hati],A2)-SUMIFS(Malipo[Kiasi],Malipo[Hati],A2)
```

Kwa hati 118 inatoka 5,600. Kwangu mimi swali la kupimia ni hili: je, hiki ninachotaka kuandika kinatokea kwa wakati mmoja na mara sawa na mstari wenyewe? Kama sivyo, kina mstari wake au jedwali lake.

Mambo madogo ya kuangalia. Ukiburuta Kilo na ikasomeka Count of Kilo badala ya Sum of Kilo, mara nyingi kuna maandishi ndani ya safu. Mtu kaandika "5kg". Kipimo kikae kwenye kichwa, seli ibaki na namba. Ukiona Mtwapa mara mbili katika ripoti, moja ina nafasi tupu mwishoni. Na geuza chanzo kiwe jedwali rasmi kwa Ctrl+T, kitatanuka chenyewe kila unapoongeza mstari, tena hakikubali seli kuunganishwa, kwa hiyo msaidizi wa duka hana namna ya kukupambia.

Kasoro isiyo na dawa ni ya hesabu za zamani. Zile za mwezi mwezi zinabaki za mwezi. Power Query inageuza umbo tu, haiwezi kukuambia Machi 2023 jira iliuzwa siku gani. Nimeziweka faili lake, sizichanganyi na za kila siku.

Ami naye kapata seli zake zilizounganishwa. Kwenye PivotTable Options kuna kisanduku cha "Merge and center cells with labels". Ukiweka ripoti katika Tabular Form na kukitia alama, majina ya makundi yanakaa katikati kama alivyozoea, na chanzo hakiguswi. Ila kabla ya kuituma kwenye printa bonyeza Refresh All, kwa sababu PivotTable isipowekewa kujisasisha yenyewe, karatasi itatoka na hesabu za jana.