Kliki za MOA na za MRAD: uzoefu wangu na darubini mbili kwenye bunduki moja

Nimezitumia darubini hizi mbili kwa zamu kwenye bunduki ileile ya .308. Nobu za ya kwanza zimeandikwa 1/4 MOA, yaani robo dakika ya pembe kwa kila kliki. Za pili zimeandikwa 0.1 MRAD, sehemu ya kumi ya miliradiani. Vioo vya zote mbili ni safi na kliki zinasikika hata ukiwa umevaa glavu, kwa hiyo nitazungumzia zaidi kazi ya kurekebisha pigo baada ya kupiga kundi la risasi.

Dakika ya pembe ni sehemu ya 60 ya digrii moja. Kwa mita 100 ni sawa na sentimita 2.9, hivyo kliki ya robo inasogeza pigo milimita 7.3 hivi. Miliradiani ni sehemu ya elfu ya umbali wenyewe: mita 100 zinatoa sentimita 10, na kliki moja ni sentimita moja kamili. Anayepima kwa mita hahitaji kikokotoo. Kwa mita 50 kliki hiyo ni nusu sentimita, kwa mita 300 ni sentimita 3.

Kosa ninaloliona sana kwa wenye MOA ni ile kanuni ya “dakika moja ni inchi moja”. Kanuni hiyo ni ya makadirio, tena ni ya yadi 100, ambazo ni mita 91.4 tu. Ukiipeleka kwenye mita 100 unakosea karibu asilimia 15, na pigo linavuka pale ulipotaka.

Chukua kundi hili la risasi tano, mita 100. Kutoka katikati ya shabaha, matundu yako kulia kwa sentimita 3.1, 4.0, 2.6, 3.7 na 4.6. Kwa mpangilio huohuo, yako chini kwa 5.2, 6.4, 4.9, 6.1 na 5.4. Jumlisha kila upande, gawa kwa tano: katikati ya kundi iko 3.6 kulia na 5.6 chini. Usirekebishe kwa kufuata tundu lililo karibu zaidi na katikati ya shabaha, wala usilitupe la mbali kwa sababu tu limekuudhi.

Kwa MRAD unapandisha kliki 6 na kupeleka kushoto 4. Kwa MOA, milimita 56 gawa kwa 7.3 ni 7.7, basi kliki 8 juu. Milimita 36 zinatoa kliki 5 kushoto. Ni kweli MOA inakaribia zaidi: MRAD inabakiza milimita 4 kila upande, MOA chini ya 3. Lakini kwa kundi lililotawanyika hivi, katikati yenyewe ya risasi tano ina shaka ya milimita 3 hadi 4. Ndiyo maana udogo wa kliki haunishawishi. Kama unataka usahihi huo, piga risasi kumi kabla ya kugusa nobu.

Lawama yangu kubwa ni kwa darubini ya MOA: alama zilizo ndani ya kioo chake ni nukta za mili, yaani miliradiani, wakati nobu zinahesabu dakika. Ukiona pigo liko nusu mili chini, unazidisha kwa 3.44 kupata dakika, kisha kwa nne kupata kliki: karibu 7. Kwenye darubini ya pili unasoma 0.5 na kuzungusha kliki 5, bila hata kujua umbali. Darubini ambayo alama zake na nobu zake zote ni MOA ingefanya kazi vilevile. Tatizo ni kuzichanganya. Angalia pia kama alama zinakua unapovuta picha karibu. Kama hazikui, vipimo vyake ni sahihi kwenye ukuzaji mmoja tu, mara nyingi ule wa juu kabisa.

Mshale wa UP unaonyesha pigo litakakoelekea. Kundi likiwa chini, zungusha kuelekea UP. Ukishamaliza, legeza skrubu ndogo za kofia ya nobu, igeuze hadi sifuri ilingane na mstari, kaza tena. Ukisikia kliki wakati wa kugeuza, kofia haijaachia na umeshasogeza pigo.

Kisha piga kundi jingine. Nilipandisha nobu ya MRAD mili 10 juu ya karatasi ndefu iliyopimwa kwa timazi, na kundi likapanda sentimita 98 badala ya 100. Kwa umbali mrefu nazidisha marekebisho yangu kwa 1.02. Niliporudisha sifuri, kundi lilirudi pale lilipoanzia, na kwa hilo tu ningeinunua tena.