Uzoefu wangu: kulinganisha sera mbili za mikopo kwa Compare ya Word

Chama chetu cha akiba na mikopo hapa Masasi kilirekebisha sera ya mikopo kabla ya msimu wa korosho, nami nikaombwa niwaorodheshee wajumbe mabadiliko yote, kifungu kwa kifungu. Nilitumia Compare iliyomo ndani ya Microsoft Word.

Unafungua Review, kisha Compare, kisha Compare tena. Sera ya zamani unaiweka Original document, mpya Revised document. Usibonyeze OK kwanza. Bonyeza More, uondoe tiki kwenye Formatting na White space, maana bila hivyo kila fonti iliyoguswa itapakwa rangi na ukurasa utafanana na kanga. Matokeo yanakuja kwenye faili jipya, zile mbili zinabaki kama zilivyo. Sera ya zamani ikiwa ni skani tu, hiyo ni picha. Iandike upya kwenye Word kwanza.

Kwa maneno yaliyoguswa, sina lawama. Ilinionyesha "anaweza kudai" imegeuka "atadai", na "siku 30" imekuwa "siku 30 za kazi", vitu ambavyo jicho lililochoka hupita juu yake.

Shida iko kwenye vifungu visivyoguswa. Kifungu cha mkopo kilikuwa cha 6, sasa ni cha 7 kwa sababu kimeingizwa kifungu kipya cha 4. Maneno yake ni yale yale: mkopo usizidi mara tatu ya akiba. Compare haikupaka hata herufi moja, na ilikuwa sahihi. Lakini kule kifungu cha 2, kwenye tafsiri, "akiba" ya zamani ilijumuisha hisa, ya sasa haijumuishi. Mwanachama mwenye akiba ya 600,000 na hisa za 200,000 alikuwa anakopa hadi 2,400,000. Leo mwisho wake ni 1,800,000. Kwa hiyo neno lolote likibadilishwa tafsiri, litafute kwa Ctrl+F kwenye sera nzima, na kila kifungu linapotokea kiingie kwenye orodha.

La pili ni namba. Kifungu cha dhamana kinasema "wadhamini waliotajwa kifungu cha 8", ila wadhamini wamesogea hadi cha 9. Namba iliyoandikwa kwa mkono haisogei yenyewe, na kwa kuwa haikubadilika, haipakwi rangi. Nilitafuta neno "kifungu cha" moja baada ya jingine. Katibu alidhani ninatafuta makosa ya watu. Nilipomwonyesha hilo la wadhamini akavuta kiti.

Orodha niliiweka kwenye jedwali: namba ya zamani, namba mpya, maneno ya zamani, maneno mapya, na safu ya mwisho inayosema kama kifungu kimeongezwa, kimefutwa, kimehamishwa, kimebadilishwa maneno, au maneno ni yale yale ila maana imebadilika. Hiyo aina ya mwisho ndiyo wajumbe walioijadili mpaka adhuhuri.

Kati ya nyota tano naipa nne.