Mwongozo wa kusahihisha nilioupiga picha, na majibu niliyouziwa: uzoefu wangu

Nafundisha Kiswahili katika shule ya upili ya kutwa, na mwaka huu nina Kidato cha Nne. Muhula wa pili wanafunzi wangu walifanya mtihani wa pamoja wa kaunti ndogo, na karatasi ya fasihi ikawalaza. Swali la fasihi simulizi lilikuwa na sehemu mbili za alama 10 kila moja, na sehemu ya kwanza iliuliza kuhusu miviga, yaani sherehe za kitamaduni kama jando na harusi: “Jadili umuhimu wa miviga katika jamii.” Wengi walipata 4 au 5. Wakaja ofisini na mwongozo wa kusahihisha mkononi wakilalamika: “Mwalimu, hoja zote hizi niliziandika. Mbona sikupewa alama?”

Malalamiko yao yalikuwa na msingi. Mwongozo ulisema tu: “Huelimisha – jando.” Mwanafunzi aliandika “Miviga huelimisha” akapewa 1. Mwongozo huandikiwa msahihishaji, mtu anayejua tayari maelezo yaliyo nyuma ya neno moja. Anayetahiniwa akiunakili, ananakili vichwa vya hoja tu.

Mwenzangu akanielekeza kwa mwalimu mstaafu anayegeuza miongozo kuwa majibu kamili kwa WhatsApp. Unampigia picha swali na mwongozo wa mtihani uliokwisha kufanywa, unalipa shilingi 150 kwa swali zima la alama 20, na baada ya siku mbili anakurudishia majibu kamili ya kuonyesha darasani. Nilituma jioni, nikiwa nimeikunja karatasi mara mbili na taa ya mezani ikitupa kivuli upande wa kushoto. Hapo ndipo tatizo lilipoanzia, na kosa lilikuwa langu kabla ya kuwa lake.

Majibu yalikuja kwa wakati, yamechapwa vizuri, Kiswahili sanifu. Sikuyapeleka darasani moja kwa moja. Niliyanakili kwa mkono kwenye karatasi ya kujibia, nikampa mwenzangu wa idara asahihishe kwa mwongozo halisi bila kumwambia yametoka wapi. Sehemu ya kwanza ilipata 7 kati ya 10.

Tulikaa naye tukatafuta alama tatu zilipopotelea. Mwongozo ulisema “zozote 5 x 2 = 10”, na jibu lilikuwa na hoja tano kamili, bila ya akiba hata moja. Hoja ya pili ilisema miviga huunganisha jamii, ya nne ikasema hukuza utangamano. Kwenye mwongozo maneno hayo yametenganishwa kwa alama ya mkwaju, yaani /, maana yake ni hoja moja yenye njia mbili za kuisema. Katika picha yangu mkwaju ule ulikuwa umeangukia kwenye mkunjo, ukasomeka kama mwisho wa mstari. Alama mbili zikaenda hapo. Alama ya tatu ilipotea kwenye hoja ya kuhifadhi utamaduni: ilikuwa na maelezo mazuri lakini haikuwa na mfano, na chini kabisa ya ukurasa, upande wa kivuli, kulikuwa na maandishi ya kalamu: “Bila mfano, asizidi 1.”

Nilimwandikia yule mwalimu mstaafu. Jibu lake lilinifanya nimheshimu: “Mwalimu, nitumie upya. Karatasi iwe bapa mezani, mchana karibu na dirisha, pembe zote nne zionekane, na uitume kama faili, si kama picha. Sitakutoza.” Pia akanieleza jambo ambalo angepaswa kulifanya mwenyewe mara ya kwanza, na alikiri hivyo. Kabla ya kuandika chochote, hesabu. Hoja zilizo kwenye mwongozo wa “zozote tano” kwa kawaida huzidi tano. Chukua idadi ya hoja, izidishe kwa alama za kila moja, uone kama unaweza kufikia jumla iliyo kwenye mabano ya swali. Ukiona hesabu haikai, au mstari mmoja ni mfupi ajabu na unaofuata unasema karibu jambo lilelile, picha imekula kitu.

Toleo la pili ndilo linalostahili pesa. Hii hapa hoja ya kwanza kama alivyoiandika:

“Miviga huelimisha vijana kuhusu majukumu ya utu uzima. Kwa mfano, katika jando, wavulana hukaa kumbini ambako kungwi huwafunza wajibu wa mume na mzazi, hivyo hutoka wakijua jamii inatarajia nini kwao.”

Sentensi mbili. Ya kwanza ina hoja, na imeongezewa “vijana kuhusu majukumu ya utu uzima” ili isibaki neno tupu. Ya pili ina mfano wenye mahali, mtu na tendo, kisha kipande cha “hivyo” kinachourudisha mfano kwenye swali. Msahihishaji haachiwi kazi ya kukisia. Hoja ya umoja aliijenga kwa rika: miongoni mwa Wabukusu, wavulana waliotahiriwa msimu mmoja huwa rika moja na husaidiana maisha yao yote. Mara hii mkwaju ulionekana, kwa hiyo umoja na utangamano vilikaa ndani ya hoja moja.

Aliandika hoja sita badala ya tano. Nilimuuliza kwa nini asiandike zote nane za mwongozo. Alijibu kwa hesabu ya muda: karatasi ya fasihi katika KCSE ina alama 80 kwa saa mbili na nusu, yaani dakika 37 hivi kwa swali la alama 20, na kama dakika 18 kwa sehemu ya alama 10. Hoja nane zilizoelezwa hivi hazitoshei. Sita zinatoshea, na moja ni akiba iwapo msahihishaji ataikataa nyingine. Nilihakikisha: nilimpa mwanafunzi wa wastani anakili jibu lote kwa kasi yake ya mtihani, akamaliza kwa dakika 14. Zinabaki nne za kufikiri. Mwenzangu aliposahihisha tena, lilipata 10.

Kuna pahali huduma hii sitaitumia. Nilimtumia pia swali la dondoo, “Eleza muktadha wa dondoo hili (alama 4)”. Hapo mwongozo wenyewe tayari ni jibu: msemaji, anayeambiwa, mahali na sababu, alama moja kila kimoja. Kulipia hilo ni hasara. Na kwa maswali ya vitabu vilivyoteuliwa, mifano yake ilikuwa ya juujuu; mwalimu anayekifundisha kitabu kila wiki ataijazia vizuri zaidi.

Nililoliona darasani ni hili. Wiki ya kwanza niliwagawia majibu wayasome. Nikawapa swali la udhaifu wa miviga, na wanafunzi saba wakaniandikia umuhimu, neno kwa neno, kungwi na kumbi vyote vimo. Wiki ya pili niliwapa mwongozo mtupu pamoja na jibu, kila mmoja akiwa na kalamu nyekundu, nikawaambia watie tiki pale tu alama inapopatikana na waandike pembeni ni ya nini: hoja, au mfano. Kisha wakaandika udhaifu wenyewe, kutoka kwenye mstari wa mwongozo uliosema “Gharama – harusi.” Msichana mmoja wa dawati la nyuma aliandika: “Baadhi ya miviga hugharimu mali nyingi na kuziacha familia na madeni. Kwa mfano, katika harusi, mzazi huweza kuuza shamba ili alishe wageni wa siku tatu, hivyo watoto wanaobaki hukosa karo.”

Nilimpa 2.