Eksirei ya kifua cha bibi: dirishani sifuri, nesi ameniharibia hasira

Nianze na yule kijana wa dirishani, maana bado sijammaliza. Bibi ana kikohozi cha wiki kadhaa. Tumekaa benchi tangu asubuhi, picha ikatoka, akaisukuma kwenye kitundu bila hata bahasha. Bibi hajawahi kushika picha ya eksirei maishani mwake. Kaiinua, kaona kifua cheusi tii, akauliza kwa adabu, "Mwanangu, huu weusi ndio ugonjwa?" Kijana macho kwenye simu: "Mpelekee daktari. Mimi sisomi picha." Mwenzake kule ndani akacheka. Mtu anauliza kama anakufa, wewe unacheka!

Nilikuwa nimeshafungua mdomo nimpe zake, akapita nesi, binti mdogo tu. "Shikamoo bibi. Umeishika kichwa chini." Kisanduku cha taa cha kusomea picha, nacho kibovu (sijui tunalipia nini), akampeleka dirisha lenye jua. Bibi akashika pembeni, alama za vidole zisiingie katikati.

"Hii herufi L ni kushoto kwako. Kwetu sisi tunaotazama iko kulia, kama umesimama mbele yetu." Kisha ule weusi: mapafu yamejaa hewa, mionzi inapita bila kuzuiwa, ndiyo maana hapo panakuwa peusi. Mfupa unaizuia, kwa hiyo mbavu zinatoka nyeupe. Bibi akaruka: "Kumbe cha kuogopa ni cheupe!" Si chote, bibi. Huu weupe wa katikati ni moyo. Akaupima kwa vidole, akavihamishia kwenye upana wa kifua: haujafika nusu, haujatanuka. Huku kulia chini pamepanda kidogo kwa sababu ini liko chini yake. Na kiputo cheusi upande wa pili je? "Hewa ya tumbo, bibi." Bibi akasema hiyo anaijua, inamsumbua tangu jana.

Kwenye pafu la kulia, chini, palikuwa na ukungu. Hakumficha. Alisema inaweza kuwa nimonia, inaweza kuwa kingine, picha peke yake haimalizi neno, daktari ndiye atakayeamua. Na kwa kikohozi cha muda huo lazima makohozi yapimwe kifua kikuu. Bibi aliyapokea hayo kwa utulivu kuliko alivyopokea kile kicheko.

Nilitaka kuandika msiende pale kabisa. Sasa siwezi. Lakini nikikumbuka yule binti ana wadi nzima inamsubiri, na anafanya kazi ambayo dirishani wangeimaliza kwa sentensi mbili, hasira inarudi upya. Basi nendeni, ila dirishani msiulize kitu. Makohozi tunapeleka kulekule. Mimi nilitaka kwingine, bibi kagoma, anamtaka nesi wake.