Sprei ya miguu ya elfu kumi na nane, inanukia vizuri mpaka saa tano tu

Nianze na yule dada wa dukani maana bado nina hasira naye. Mimi ni fundi wa madishi na ving'amuzi hapa Dar, kazi yangu ni kuingia sebuleni kwa watu, na sebule ya mtu unaingia umevua viatu, hakuna cha fundi wala bosi. Buti naivaa tangu alfajiri, napanda juu ya bati jua la saa saba, nikishuka mama mwenye nyumba ananiambia karibu baba, navua, kidogo tu naona kanyanyuka kafungua dirisha. Hasemi kitu. Feni inaongezwa spidi. Wenye miguu hii mnaijua hiyo hali.

Basi nikaingia duka moja la vipodozi Kariakoo, nikamweleza dada kwa sauti ya chini kabisa, akanitolea kopo la sprei la elfu kumi na nane, akasema hii inakata jasho kaka, unapuliza asubuhi ukitoka kuoga kabla hujavaa soksi, utakuja kunishukuru. Nikafanya hivyohivyo alivyosema. Kitu kina mnanaa, kinapooza mguu vizuri, mpaka saa tano una amani, nikasema kweli pesa haijapotea. Saa saba harufu ni ileile ila sasa imechanganyika na mnanaa, na mchanganyiko huo nawaapia ni mbaya kuliko harufu yenyewe.

Nikavumilia wiki kadhaa nikarudi nimuulize tu kama kuna nyingine. Duka limejaa akina mama wa jumla. Dada ananiangalia miguuni, anacheka, anasema kwa sauti "kaka dawa haina shida, wewe oga tu, uoshe na soksi". Watu wote wakageuka. Mimi! Mimi naosha miguu kuliko yeye anavyoosha vyombo, na soksi sirudii. Akiharibikiwa king'amuzi atafute fundi anayeoga.

Nilitoka pale nimevimba nikaishia duka la dawa la mtaani kwetu, kuna mzee mmoja mfamasia, mtulivu, kopo lilikuwa mkononi bado. Hakucheka. Aligeuza kopo akaniambia soma hapa. Limeandikwa diodoranti. Akasema hiyo ni pombe na manukato, inaua bakteria kiasi na kufunika harufu, jasho haligusi kabisa, ukitaka kuzuia jasho tafuta iliyoandikwa antipaspiranti na nyuma kwenye viambato uone neno linaloanza na alumin. Jasho lenyewe likitoka halinuki, wanaonuka ni bakteria wanaokula jasho na ngozi iliyokufa, wakimaliza wanaacha asidi inaitwa isovaleriki, ndo hiyohiyo iliyomo kwenye jibini iliyokaa. Sasa ndani ya buti iliyofungwa kuna joto, kuna maji, kuna chakula, ukiwaua asubuhi mchana wameshazaliana tena.

Halafu akanivusha nyuma ya kaunta akasema vua. Nikaona aibu, akasema vua bwana. Akawasha tochi ya simu akaangalia unyayo, kisigino na pale chini ya vidole panapobeba uzito, anatafuta vishimo vidogovidogo kama vimetobolewa na pini. Sikuwa navyo. Akasema ukiviona hivyo, ngozi imelowa nyeupe, na harufu kali, ni bakteria wameshaingia kwenye ngozi, hapo sprei peke yake haitoshi, unahitaji krimu ya antibayotiki. Na kukiwasha na kuchanika katikati ya vidole, hiyo fangasi, dawa yake nyingine. Dakika kumi za mzee, bure, na yule dada kachukua elfu kumi na nane yangu kwa matusi.

Sprei ya alumini nikaipata. Hii sasa inapulizwa USIKU, sio asubuhi. Ile chumvi ya alumini inatakiwa iingie kwenye vitundu vya jasho igande pale kama kizibo, na mguu unaotiririka jasho unaisukuma nje kabla haijaganda, usiku umelala mguu umetulia ndo inashika. Unaosha miguu, unakausha mpaka katikati ya vidole, mimi nakaa mbele ya feni hata robo saa, ndo napuliza, inakauka, nalala, asubuhi naosha. Kizibo kinabaki. Mguu ukiwa bado na maji itakuwasha, na ukiwa na mchubuko usithubutu, mimi nilipuliza nina lengelenge limepasuka la buti nikaruka kitandani. Hilo hawaandiki kwa herufi kubwa, sijui kwa nini. Na usitegemee kesho yake, kwangu siku za kwanza sikuona kitu nikaanza kuitukana na hii, wiki ya pili ndo soksi zikaanza kutoka kavukavu.

Kabla ya hapo nilishanunua na soli za ndani zile za mkaa, muuzaji wa barabarani kasema zinafyonza harufu. Mkaa ule wa kweli unafyonza harufu ndio, lakini unajaa, na hizi zangu mkaa ni rangi tu, chini ni sponji juu ngozi ya plastiki. Jioni moja niliichomoa nikaikunja, jasho likachuruzika kwenye vidole vyangu vya mkono, jeusi. Nikaelewa kwa nini buti haikauki, nilikuwa nimeweka tangi la maji ndani. Tafuta ya ngozi halisi au kitambaa, isiyogundishwa, na utoe kila jioni uisimamishe pembeni, ukiiacha ndani ya kiatu umerudi kulekule. Na buti zenyewe ziwe mbili upokezane, iliyolowa haikauki usiku mmoja, nimechukua ya pili mtumbani na nadhani hiyo imenisaidia karibu sawa na sprei, labda kuliko sprei.

Soksi ndo msitake nianze. Kila mtu pamba asilimia mia, pamba asilimia mia. Pamba inanyonya jasho sawa, ila inalikalia, mguu unashinda kwenye kitambaa kimelowa siku nzima. Poliesta tupu inakauka haraka lakini harufu inaing'ang'ania, unafua bado inanuka. Zilizonifaa ni nene kidogo za mchanganyiko, pamba na nailoni, za michezo, na ya pili iko kwenye begi la spana nabadili mchana kabla ya kuingia nyumba za jioni. Za sufu wanasema ndo baba lao hata kwenye joto, bei yake sasa, tuwaachie wenyewe.

Kopo la mnanaa nilikuja hapa kulipatia nyota sifuri. Ila haki yake, lenyewe halikudanganya, limeandikwa diodoranti, aliyedanganya ni mtu, na jioni nikishaoga nimevaa ndala nalipuliza na linanukia, basi lichukue mbili. Ya alumini nne. Hapana, tatu na nusu, maana siku ya kushinda juu ya bati jasho linapita tu, halikatiki lote, na kopo lenyewe dogo, ukipuliza kila usiku mwezi hauishi nalo. Afueni ni kwamba mguu ukishatulia unashuka mpaka mara moja au mbili kwa wiki, na hapo ndo bei inaanza kuvumilika.