Una Canon 200D na lenzi ya 18-55, ununue lenzi gani ya pili? Pima sebule kwanza

Kila wiki kuna mtu ananiuliza swali hili, na kila mara ninakuta ameshashauriwa na washkaji "chukua fifti, fifti ndo mpango mzima". Mimi pia nilishauriwa hivohivo, nikanunua hiyo lenzi ya milimita 50, nikaenda nayo kupiga nikahi nyumbani kwa dada yangu, sebule ya mita 4 kwa 6, makochi hawajatoa, watu wamejaa, mgongo wangu umegusa ukuta na bado kwenye kioo namuona bwana harusi na nusu ya shehe. Hapo ndo nikajifunza hesabu ambayo ningeijua kabla ya kutoa hela ingenisaidia sana.

Hesabu yenyewe hii, wala haihitaji ule ugomvi wa nyuzi na pembe wa darasani:

```
upana unaoonekana (m) = upana wa sensa (mm) × umbali (m) ÷ milimita za lenzi
```

Sensa ya 200D ina upana wa milimita 22.3 (800D na 77D ni hivohivo). Ukisimama mita 3 na lenzi ya 50 ni 22.3 mara 3 gawa kwa 50, unapata mita 1.34. Hiyo ndo sehemu yote unayoiona kutoka kushoto mpaka kulia, watu wawili wakibanana.

Sasa mbona yule jamaa wa Yutyubu anapiga watu wanne na fifti yake na wanaingia vizuri tu? Kwa sababu yeye ana fulu fremu, sensa yake ina upana wa milimita 36, so palepale mita 3 na lenzi ileile anaona mita 2.16. Lenzi haijabadilika hata kidogo, inatupa picha ileile kule ndani, ila sensa yako ni ndogo inakata pembeni. Ili uone anachoona yeye unahitaji lenzi ya kama 31. Na hapa muuzaji asikuzuge: akikwambia lenzi ya 10-18 imetengenezwa kwa ajili ya kropu, yaani sensa ndogo kama yako, kwahiyo namba zake zimeshabadilishwa, siyo kweli, milimita zilizoandikwa kwenye lenzi ni za lenzi yenyewe siku zote. Weka namba hiyohiyo kwenye hesabu, ukiweka na sensa yako, basi.

Haya, naanza kupanga. Napanga kwa mtu wa shughuli za nyumbani, mahafali, na mara mojamoja Mikumi, na ambaye tayari ana 18-55. Bei sitaji maana zinabadilika na nyingi utazikuta za mkononi.

Namba 1: EF-S 10-18mm f/4.5-5.6 IS STM

Najua wengi mtabisha. Turudi sebuleni kwa dada. Familia imejipanga, mstari una mita 5, na mimi toka ukutani mpaka kwao nina mita 3. Na 18-55 yangu nikiweka 18 naona mita 3.7 tu, ili niwapate wote ingebidi nirudi mpaka mita 4 yaani nitoboe ukuta niingie chumba cha jirani. Kwenye 10-18 nikiweka kama 13 wanaingia wote, na 10 inaona mpaka mita 6.7.

Sababu ya kuipa namba moja ni kwamba picha iliyobana sana huwezi kuitanua baadaye. Ile iliyopanuka unaweza kuikata kwenye kompyuta, lakini shangazi aliyebaki nje ya fremu ndo kabaki nje.

Ila ina ubaya wake na inabidi uujue. Waidi inavuta vitu vya pembeni. Kwenye 13 kichwa cha mtu aliyesimama mwisho kabisa wa fremu kinatanuka kama asilimia 30 kwenda pembeni, katikati wako sawa. Kwahiyo usiweke mtu mnene pembeni, atakuchukia mpaka kesho, weka watoto au wembamba, na acha nafasi kidogo kila upande. Pia shika kamera iwe sawa, usiielekeze chini wala juu, la sivyo kuta zinaegemea kama nyumba inaanguka. Na usiku bila flashi itakutesa, f/4.5 siyo ya ukumbi wa taa mbili.

Namba 2: EF-S 55-250mm f/4-5.6 IS STM

Hii ni ya pale unapokatazwa kusogea. Mahafali, mmefungiwa nyuma ya kamba, jukwaa liko mita 25. Ukiwa na 55 ya lenzi ya kit unaona mita 10 za jukwaa, mwanafunzi kawa kama kijiti. Kwenye 250 unaona mita 2.2, yeye na mkuu wa chuo wanapeana cheti. Kuna mtu atasema si nitakata tu kwenye kompyuta? Kata, lakini toka 55 mpaka 250 utabaki na pikseli kama 1,320 kati ya 6,000 za upana, kwa WhatsApp poa, kwa albamu hapana.

Mikumi vilevile. Simba kama wa mita 2 kwa mita 30 anajaa vizuri, fremu inaona mita 2.7. Akiwa mita 100 fremu ni karibu mita 9 na simba ni kitu cha njano kwenye majani, hapo hata 250 imegonga mwamba.

Kitu wengi hawakijui, hii lenzi ni tamu sana kwa picha za mtu mmoja nje. Piga mtu na 50 ukiwa mita 3, halafu piga tena na 250 ukiwa mita 15. Mtu ana ukubwa uleule kabisa. Ila kama nyuma yake mita 10 kuna ukuta, ile ya kwanza inaonyesha mita 5.8 za ukuta na ya pili mita 2.2 tu. Bodaboda, ndoo, kamba ya nguo, vyote vinatoka nje ya picha. Kinachofanya hivyo ni wewe kurudi nyuma, lenzi inakuruhusu tu urudi.

Ukifika 250 weka shata 1/400 au zaidi, IS inatuliza mkono wako, haimtulizi anayecheza.

Namba 3: EF 50mm f/1.8 STM

Mpya ndo rahisi kuliko zote hapa, na gizani inawashinda wote. Lakini 50 tayari unayo ndani ya 18-55, kwa upana hujaongeza chochote, umenunua mwanga na ule ukungu wa nyuma. Mtu mzima kuanzia kichwa mpaka miguu, kamera ukiisimamisha wima, inataka mita 4 na nusu. Nenda kapime sebule yako.

Namba 4: EF-S 24mm f/2.8 STM

Ndogo, nyembamba, inaingia mfukoni, mita 3 inaona 2.8. Nzuri kwa kutembea mtaani. Kama lenzi ya pili ya kazi, hapana.

Kabla hujatoa hela fanya hivi: zungusha 18-55 yako iwe kwenye 18, bandika selotepu isizunguke, fanya nayo shughuli moja nzima. Shughuli ya pili bandika kwenye 55. Kisha hesabu picha ulizotaka kurudi nyuma ukashindwa na zile ulizotaka kusogea ukashindwa. Mimi upande wa kurudi nyuma nilipata 31, wa kusogea 12, na ile fifti nikamuuzia aliyenishauri.